Madoa Manne Mkiani

Ikifika Aprili, mahindi ya masika yakiwa yamefika magotini, simu yangu hujaa picha za viwavi. Mwaka jana mama mmoja wa Mvomero alinitumia picha tano kwa mkupuo. Ya kwanza alikuwa ameizungushia duara jekundu kichwani kwa kiwavi, na chini ameandika: "Shikamoo bwana shamba. Ni yule vamizi, ana ile Y. Ninunue dawa?"

Nilielewa kwa nini aliandika hivyo. Kiwavijeshi vamizi alitokea Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Tanzania na Kenya. Tangu hapo mabango na mafunzo yetu yamekazia alama moja: Y iliyopinduliwa usoni. Shina lake huanzia utosini na matawi mawili hushuka kuelekea mdomoni. Alama hiyo ni ya kweli, ila haitoshi peke yake. Karibu kila kiwavi ana mshono wa umbo hilo kichwani. Kwa vamizi unaonekana wazi kwa sababu mistari yake ni myeupe na kichwa chenyewe ni cheusi au kahawia iliyokolea. Kiwavijeshi wetu wa zamani, yule anayetembea kwa makundi na kufyeka malisho, naye anayo Y. Na jua la saa saba mchana likipiga kwenye kichwa kinachong'aa, huchora mstari mweupe hata pasipo na mstari.

Ndiyo maana mimi huanza kutazama mkiani. Mwili wa kiwavi umegawanyika kwa pingili kama bua la muwa. Tazama ile iliyo ya pili kutoka mwisho, mgongoni. Kwa vamizi utakuta madoa manne meusi, makubwa kuliko mengine, yamekaa kama pembe nne za mraba. Kwenye pingili za katikati ya mwili nako kuna madoa manne, lakini ni madogo na hayafanyi mraba: mawili ya mbele yamekaribiana, mawili ya nyuma yameachana. Kila doa limeota unywele mfupi. Mraba wa mkiani ukishaonekana, kisha Y nyeupe ikaonekana juu ya kichwa cheusi, mimi sina wasiwasi tena.

Kuna faida nyingine ya kuanzia mkiani. Vamizi hupenda kujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, kichwa chini, akijifunika kwa kinyesi chake kinachofanana na vumbi la mbao lililolowa. Ukifunua majani machanga, mara nyingi kitu cha kwanza kuonekana ni makalio yake.

Tuirudie picha ya mama wa Mvomero. Kiwavi alikuwa na madoa, tena mengi, lakini picha ilipigwa juani, simu ikiwa karibu mno, na mkia ulikuwa ukungu mtupu. Nikamwomba arudie. Amtoe kiwavi kwenye mmea, amweke juu ya karatasi nyeupe kivulini, na pembeni aweke sarafu ili nijue ukubwa. Simu aishike umbali wa kiganja kimoja, maana ukiisogeza zaidi ya hapo nyingi hushindwa kuona sawasawa. Picha itakatwa baadaye. Taa ya simu asiiwashe. Apige mara mbili, mgongo mzima kutoka juu, kisha uso kutoka mbele. Na kabla ya kutuma WhatsApp abonyeze HD, kwa sababu picha ikibanwa, madoa madogo ndiyo ya kwanza kupotea.

Picha mpya zilipofika, jibu lilikuwa jingine. Kichwa kilikuwa kahawia tupu, laini, bila mstari wowote. Mwili ulikuwa na rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo, na madoa ya kahawia yalikwenda kwa safu ndefu kutoka shingoni hadi mkiani, hakuna pingili iliyojitofautisha na mwenzake. Huyo ni bungua wa mabua, yule mwenye madoadoa aliyekuja kutoka Asia. Bungua wetu wa asili hana hata hayo madoa. Yeye ni wa rangi moja, kichwa kahawia. Nikamwambia mama apasue bua la mhindi ule. Akakuta njia iliyochimbwa ndani na bungua wengine wawili. Hapo dawa ya kunyunyizia isingewafikia, na fedha yake ingemwagika bure. Bungua hupigwa akiwa bado mdogo majanini, kabla hajaingia kwenye bua. Dalili ya wakati huo ni safu ya vitundu vidogo vilivyopangana kukata jani kwa upana, tofauti na matundu makubwa yaliyochanika ya vamizi.

Sota, mkata miche, hunipa shida ndogo zaidi, ilimradi picha ioneshe mahali alipopatikana. Mchana hukaa udongoni, karibu na mche uliolala chini. Ni wa kijivu au kahawia, anateleza kama aliyepakwa mafuta, na ukimgusa hujikunja kama herufi C. Kujikunja pekee kusikudanganye, viwavi wengine nao hujikunja. Usoni anaweza kuwa na mistari ya kufifia, lakini mraba wa mkiani hana. Linalochanganya ni kwamba vamizi naye, mahindi yakiwa machanga, wakati mwingine hukata mche usawa wa ardhi. Wakulima hunitumia picha ya mche uliokatwa bila kiwavi, wakataka niseme ni nani. Siwezi. Fukua udongo kuzunguka mche kwa kina cha vidole viwili au vitatu, umtafute mwenyewe, kisha piga picha.

Wapo pia ambao picha haiwasemi hata iwe safi kiasi gani. Vamizi aliyetoka kwenye yai juzi ana kichwa cheusi na mwili wa kijani hafifu. Y na madoa havijajitokeza. Viwavi wengi wachanga wanafanana hivyo hivyo. Dawa yangu kwa hao ni chupa ya plastiki. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko, weka kipande cha jani bichi la mhindi ukibadilisha kila siku, na muweke kiwavi mmoja tu, kwa sababu vamizi hula wenzake. Baada ya siku nne hadi sita atakuwa amejivua ngozi na alama zitasomeka. Aliyekufa kwa sumu naye msimpige picha: husinyaa, huwa mweusi, na madoa hupotelea kwenye weusi huo.

Nilimwomba yule mama jambo moja la mwisho. Picha ya kiwavi mmoja inaeleza kiwavi huyo, haielezi shamba. Nilimtaka atembee kwa umbo la W kutoka kona hadi kona, asimame mahali patano, na kila mahali achunguze mimea kumi. Jioni alinitumia picha kutoka kituo cha nne, upande wa mtoni. Ilikuwa imepigwa kutoka juu, ndani ya moyo wa mhindi. Kichwa hakikuonekana kabisa. Palikuwa na kinyesi kilicholowa, majani yaliyochanika, na katikati yake mkia wenye madoa manne meusi, moja kila pembe.