Joto Ndani ya Zege Nene

Tarehe 6 Juni 1933, ndoo ya kwanza ya zege ilimwagwa katika korongo la mto Colorado, mpakani mwa Nevada na Arizona, na ujenzi wa ukuta wa Bwawa la Hoover ukaanza. Wahandisi wa Marekani walikuwa wamekwisha kupiga hesabu zao: ukuta huo ukimwagwa kama pande moja, joto lake lingechukua takriban miaka 125 kuisha. Wakaujenga vipande vipande, kila mmwago ukiwa na kimo cha mita moja na nusu, na ndani yake wakalaza mabomba membamba ya chuma yenye urefu wa jumla wa zaidi ya kilomita 900 ya kupitisha maji baridi. Zege lilipopoa, mabomba yakajazwa uji wa saruji na kuachwa humo humo.

Joto hilo halitoki juani. Saruji inapochanganyika na maji hutokea mmenyuko wa kikemia unaotoa joto, na katika ukuta mwembamba wa nyumba joto hilo hutoroka bila mtu kulihisi. Msingi ukifikia unene wa mita moja au zaidi, hali hubadilika. Ni kama sufuria kubwa la ugali wa msibani: juu umeshapoa, lakini anayechota katikati huungua vidole. Kiini cha zege kimetanuka kwa joto ilhali ngozi yake inapoa na kusinyaa. Ngozi inavutwa, na zege, ambalo ni hodari wa kubeba mzigo unaolikandamiza, lina nguvu ndogo sana ya kustahimili kuvutwa, takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya kukandamizwa. Hapo ndipo linapopasuka.

Tuchukue msingi wa jengo refu jijini Dar es Salaam, mwezi Januari: mita 30 kwa 20, unene mita 2.5. Hizo ni mita za ujazo 1,500 za zege. Mkandarasi analeta mchanganyiko aliouzoea, kilo 400 za saruji ya kawaida kwa kila mita ya ujazo, na zege linafika likiwa na nyuzi joto 32. Wahandisi wana kipimo cha haraka: kila kilo 100 za saruji hupandisha joto la kiini kwa takriban nyuzi 12. Kilo 400 zitaongeza nyuzi 48, na kiini kitafika 80.

Hapo kazi haiwezi kuendelea. Mipango mingi ya zege nene huweka ukomo wa nyuzi 70, na sababu yake haihusu nyufa za wiki ya kwanza. Zege changa likizidi joto hilo, moja ya fuwele ambazo kwa kawaida hujijenga mapema kabisa hushindwa kutulia. Miezi au miaka baadaye, unyevu ukiingia, fuwele hiyo huota ndani ya zege lililokwisha kukauka, likavimba na kujipasua kutoka ndani. Hakuna dawa rahisi ya ugonjwa huo.

Tiba ya kwanza iko kwenye mchanganyiko wenyewe. Sehemu ya saruji hubadilishwa na pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa, ambayo Afrika Mashariki inayo na viwanda vya saruji vya Kenya na vya nyanda za Mbeya vimeyatumia kwa miaka mingi. Kwingineko hutumiwa majivu ya makaa ya mawe au taka ya tanuri za chuma. Kwa makadirio ya kawaida, kilo ya pozolana hutoa nusu ya joto la kilo ya saruji. Msingi wetu sasa una kilo 215 za saruji na 145 za pozolana. Kupanda kwa joto kunashuka kutoka nyuzi 48 hadi kama 34 na nusu.

Gharama yake ni muda. Mchanganyiko huo hupata nguvu polepole, kwa hiyo si haki kuupima kwa siku 28 zilizozoeleka. Mhandisi mshauri anapaswa kukubali mapema, kwa maandishi, kwamba nguvu itahesabiwa kwa siku 56 au 90. Asipofanya hivyo, mkandarasi atakayeogopa matokeo ya siku 28 atarudisha saruji kimyakimya, na joto litarudi nayo.

Sasa zege likimwagwa na nyuzi 32, kiini kitafika 66 au 67. Kiko chini ya ukomo, lakini nafasi iliyobaki ni finyu mno kwa jiji ambalo lori linaweza kukwama barabarani saa nzima. Ndipo barafu inapoingia. Kilo 42 hivi za barafu iliyopondwa, zikichukua nafasi ya kiasi hicho hicho cha maji, hushusha mita moja ya ujazo kwa nyuzi nane. Kwa msingi mzima ni tani zaidi ya 60, kwa hiyo kiwanda cha barafu hutafutwa wiki kadhaa kabla. Barafu yote iyeyuke kabla ya zege kumwagwa. Bonge litakalobaki huacha tundu. Zege likiingia na nyuzi 24, kiini kitaishia karibu na 59.

Ukomo wa pili ndio unaowakanganya mafundi wengi. Tofauti kati ya kiini na ngozi isizidi nyuzi 20. Kwa tofauti hiyo, kila mita ya zege hutaka kusinyaa kwa takriban milimita 0.2, wakati zege changa linaweza kukatika likivutwa kwa nusu ya kiasi hicho. Linanusurika kwa sababu sehemu tu ya msinyao huo ndiyo inayozuiwa. Basi kiini kikiwa na 59, ngozi isishuke chini ya 39. Usiku wa Januari hewa ya Dar es Salaam ina nyuzi 25 hivi, na upepo wa bahari unapita juu ya msingi.

Jibu sahihi ni kulifunika zege moto. Nailoni hutandikwa kwanza kuzuia unyevu usitoke, kisha blanketi za ujenzi au mabamba ya polistirini, na juu yake turubai. Fundi mwenye uzoefu wa nguzo na slabu atataka kulimwagilia maji ya bomba ili lipoe, kama alivyofunzwa. Kwenye msingi mnene, maji hayo huipoza ngozi peke yake na kuongeza pengo lile lile linalopasua. Kuvua mbao za pembeni siku ya tatu, kiini kikiwa kwenye kilele cha joto, huleta madhara yale yale.

Kujua lini pa kufunika zaidi kunahitaji vipimo. Vihisi joto hufungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga, ncha zake zikitengwa na chuma: kimoja katikati kabisa, kimoja sentimita 5 chini ya uso, kingine karibu na kona, ambako joto hutoka pande tatu, na kimoja cha hewa. Kila mahali huwekwa viwili, kwani waya hukatwa na vaibreta. Husomwa kila saa. Tofauti ikifika nyuzi 15, msimamizi wa zamu huongeza tabaka la blanketi bila kusubiri kibali. Akisubiri ifike 20, amechelewa, kwa sababu blanketi huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Kilele huja siku ya pili au ya tatu. Kushuka kunaweza kuchukua wiki mbili au zaidi, na huo ndio wakati wa kishawishi, maana ratiba inadai nguzo zianze. Blanketi huondolewa tabaka moja moja, na la mwisho hutoka pale tu kiini kinapokuwa juu ya hewa ya usiku kwa chini ya nyuzi 20.

Zikionekana nyufa licha ya hayo, daftari la vihisi ndilo husomwa kwanza. Nyufa fupi za juu juu zilizojitokeza siku ambayo pengo lilizidi 20 kwa kawaida haziendi mbali chini. Ufa mrefu uliotokea baada ya wiki kadhaa, msingi wote ukiwa umepoa na mwamba wa chini ukikataa usinyae, unaweza kukata unene mzima. Huo hupimwa upana, hutobolewa kiini kuona kina chake, na ukipitisha maji hudungwa gundi ya epoksi kwa shinikizo.