Kupasuliwa ili kupunguza kilo: siri ambayo ilitaka kuua yaya yangu

Bandugu, mimi niko muagronomu, siko muganga. Naandika hii sababu yaya yangu anayeishi Brisele karibu afie hapa kwetu Bukavu, mbele ya macho yetu, juu ya kitu ambacho alituficha. Kile nilichojifunza kisha pale nakiweka hapa.

Yaya alikuwa na kilo 118 na urefu wa metre 1,62. Ili kujua kama mtu anaweza kufikiriwa kwa operasio, waganga wanagawanya kilo kwa urefu, kisha jibu wanaligawanya tena kwa urefu. Kwake ilitoka 45. Kuanzia 40 operasio inaweza kuzungumzwa, na kuanzia 35 kama mtu ana kisukari, presha au anakatika pumzi usingizini. Mwaka 2022 mashirika makubwa ya waganga wa kazi hii yalishauri 35 itoshe hata bila ugonjwa. Lakini namba peke yake haitoshi. Wanaangalia kama mtu alishajaribu kweli njia ingine, kama moyo wake utavumilia, kama pombe haimtawali, na psikologo anaongea naye.

Operasio zinazofanywa sana ni mbili. Ya kwanza, wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuitoa kabisa. Kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi, na kilichotolewa hakirudishwi. Ya pili ndiyo ya yaya: wanatengeneza kifuko kidogo sana juu, kisha wanakiunga na utumbo mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya kwanza ya utumbo.

Sisi wa agronomia tunaelewa mara moja shida ya kuruka huko. Mbolea inaweza kuwa kwenye udongo na muhindi ukawa wa manjano, sababu mizizi haiifikii. Ile sehemu inayorukwa ndiyo hunyonya sana chuma na kalsiamu. Vitamini B12 nayo hainyonywi vizuri tena. Ndiyo maana mtu aliyepasuliwa hivi anameza vitamini kila siku mpaka kufa, na anapimwa damu kila mwaka hata kama anajisikia muzima.

Siku za kwanza hatari ni damu kuvuja, damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu, ao mushono kuachia. Mushono ukiachia, moyo unapiga mbio, homa inapanda, tumbo linauma. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Yaya alipita siku hizo salama. Miezi miwili kisha operasio, akaja kwa matanga ya baba mukubwa. Alikula bugali kidogo, akatapika. Akaendelea kutapika karibu wiki mbili, hata supu. Tukimuuliza, anajibu: «Ni malaria tu.» Kituo cha afya cha karibu kikamuwekea serumu ya sukari. Kesho yake alianza kuyumba akitembea, na akaniambia ananiona wawili wawili.

Usiku akamwambia mama mudogo: «Nilipasuliwaka. Niliona haya, watu wangesema nilinunua mwili.»

Muganga wa hopitali kubwa aliposikia hilo neno moja, alimupiga kwanza sindano ya vitamini B1 kwenye mushipa. Akatueleza: akiba ya B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na anayetapika inamuishia mbio. Mwili unatumia B1 ili kuchoma sukari. Ukimuwekea serumu ya sukari bila kumupa B1 kwanza, kale kalikobaki kanaisha, na ubongo unaumia. Macho yalirudi kisha siku chache. Miguu ilichukua miezi. Huko Brisele walikuta pale walipounga pamekuwa pembamba, wakapapanua.

Leo ana kilo 79. Anakula kwanza sambaza ao maharagi, bugali vijiko vichache mwishoni, anatafuna polepole, na maji anakunywa kisha nusu saa. Fanta moja inamutoa jasho na kumuharisha, sababu sukari inaanguka moja kwa moja kwenye utumbo. Bia ndogo inamulewesha haraka. Ibuprofene na diklofenak, ambazo hapa tunanunua kama bonbon, alikatazwa: zinaweza kumuchimba kidonda pale palipoungwa. Mimba nayo waliambia angoje mwaka mmoja na nusu.

Sasa anatembea na karatasi yenye jina la operasio na tarehe yake. Kama ndugu yako anatoka Ulaya, amepungua kilo nyingi kwa muda mufupi na anatapika, mupeleke pembeni, muulize kwa heshima kama alipasuliwa. Akikubali, muganga alisikie hilo mbele ya kuweka serumu.