Jarida Lina Mahali Pake, Barua Ina Mahali Pake

Mwezi uliopita binti wa ndugu yangu alinijia uso umemshuka. Alikuwa ameomba msaada wa karo, na barua ya kumwita kwenye mahojiano ilimfikia Jumatatu kwa barua pepe. Yeye aliiona Alhamisi, ilhali mahojiano yalikuwa Jumatano.

"Ami," akaniambia, "barua ilikuwako, ila ilifunikwa."

Nilipoitazama simu yake nikaona ni kweli. Juu ya barua ile yalilala majarida ya mapishi, ya nguo na ya malezi, ambayo mwenyewe alijiandikisha kuyapokea. Hapakuwa na jarida baya. Tatizo ni kwamba yote yalipita mlango mmoja na barua ya haja.

Dawa yake ni kichujio. Hili ni agizo unalolitoa mara moja, kwamba barua yenye alama fulani isikae kwenye kikasha cha barua mpya, bali iende moja kwa moja kwenye folda ya kusomea. Nitaeleza kwa Gmail, ambayo folda huiita lebo. Programu ya Gmail ya simu haina mahali pa kutengenezea kichujio, kwa hiyo tafuta kompyuta, hata ya saiba, ufungue mail.google.com. Ukishakitengeneza huko, kitafanya kazi hata unaposoma kwa simu.

Tulianza na jarida la mapishi. Alilifungua, akabonyeza vitone vitatu vilivyo juu ya barua, akachagua "Filter messages like these". Kikatokea kisanduku chenye anwani ya mtumaji, imekwisha kujazwa. Akabonyeza "Create filter", ikaja orodha ya maagizo. Alitia alama penye matatu tu. La kwanza ni "Skip the Inbox (Archive it)", yaani barua isikae kwenye kikasha. La pili ni "Apply the label", ambapo alichagua "New label" akaipa lebo jina la Kusoma. La tatu ni lile linaloanza na "Also apply filter", ili majarida ya zamani nayo yahamishwe. Akamaliza kwa kubonyeza "Create filter" tena. Hapo hapo majarida ya mapishi yakatoweka kikashani, na jina Kusoma likaonekana upande wa kushoto. Hakuna kilichofutwa.

Jarida la pili lilitaka uangalifu zaidi. Ofisi ile ya msaada wa karo hutuma jarida lake la kila mwezi kwa anwani ile ile inayotumia kuwaandikia waombaji. Lau tungechuja kwa anwani pekee, barua ijayo ya mahojiano ingekwenda kulala Kusoma, nasi tungekuwa tumeongeza tatizo badala ya kulitatua. Tukatazama vichwa vya barua, tukaona kila jarida lina neno "Newsletter" na barua nyingine hazina. Basi katika kile kisanduku cha kwanza tukaiacha anwani, na penye "Subject" tukaandika Newsletter. Kichujio sasa hushika barua yenye alama zote mbili kwa pamoja.

Kabla ya kuendelea tulibonyeza "Search" ili tuone ni barua zipi zingeshikwa. Yalitokea majarida matupu. Kama ingetokea barua ya haja hata moja, tungebadilisha neno. Tuliporidhika, tulibonyeza alama iliyo mwishoni mwa sehemu ya kutafutia, kisanduku kikarudi, tukaendelea kama mwanzo. Kusoma ikiwa imekwisha kuwako, tuliichagua tu.

Juma la kwanza fungua Kusoma kila siku, kwani barua zinazoruka kikasha kwa kawaida simu haizitangazi kwa mlio. Ukikuta barua iliyopotea njia, irudishe kwa "Move to Inbox". Kisha nenda kwenye alama ya gurudumu, "See all settings", halafu "Filters and Blocked Addresses". Hapo utaviona vichujio vyako vyote, na kila kimoja waweza kukirekebisha au kukifuta. Fahamu kwamba ukikifuta kichujio, barua kilizokwisha kuzihamisha hazirudi zenyewe kikashani.

Na kama kompyuta si yako, usiondoke kabla ya kubonyeza picha yako juu kulia na kuchagua "Sign out".

Binti yetu sasa husoma mapishi yake Jumapili jioni, kwa utulivu. Ameomba msaada kwingine, na asubuhi kikasha chake huwa na barua mbili au tatu. Huzisoma zote kabla chai haijapoa.