Samaki Wameoza, Barua Iandikweje?

Barua nyingi za malalamiko ya umeme huanza kwa hasira na kuishia kabatini. Mwenye duka anaeleza alivyochoshwa, anataja umaskini wa wateja wake, anadai milioni kadhaa, kisha anasubiri. Afisa anayeipokea anatafuta mambo machache tu: umeme ulikatika lini, upande gani wa mtandao, kilichoharibika ni nini, na kuna ushahidi gani kwamba kiliharibika kwa sababu hiyo. Asipoyakuta, anajibu kwa sentensi mbili za pole.

Tuchukue mfano wa duka la Mbagala, Dar es Salaam, linalouza kuku, samaki na mtindi. Lina friza moja na friji moja. Jumatatu saa 4 usiku umeme ukakatika, ukarudi Jumanne saa 1 asubuhi. Saa 5 asubuhi hiyo hiyo ukakatika tena hadi saa 3 usiku. Ukakaa kidogo, saa 7 usiku ukaondoka mpaka Jumatano saa 6 mchana. Mwenye duka alipofungua friza, harufu ilitangulia. Samaki walikuwa wamelegea, maji mekundu yametuama chini, na ni kuku waliokuwa chini kabisa tu waliobaki na barafu mwilini.

Jibu la kwanza ambalo kampuni ya umeme inaweza kutoa linajulikana. Friza iliyojaa, ikifungwa bila kufunguliwa, huhifadhi ubaridi kwa takribani saa 48, na iliyojaa nusu kwa takribani saa 24. Katizo refu kuliko yote hapa lilikuwa la saa 11. Sasa samaki wameozaje?

Hapo ndipo penye uzito wa barua. Ukijumlisha, umeme haukuwapo kwa saa 30 ndani ya saa 38. Katikati ulirudi mara mbili, kila mara kwa saa 4, na muda huo hautoshi friza iliyokwisha kupoteza ubaridi kuugandisha upya mzigo wake. Kila katizo lilianza pale lilipoachia lililotangulia, huku friza ikiwa nusu tupu kwa kuwa bidhaa zilikuwa zikiuzwa. Isitoshe, umeme unaorudi mara nyingi hurudi mdogo: taa inawaka njano, kompresa inanguruma lakini haivuti. Mita inasoma kwamba umeme upo, na friza inaendelea kupata joto.

Yote hayo yangebaki maneno matupu kama duka lisingekuwa na kipimajoto cha friza na daftari. Jumatatu jioni kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri. Jumanne asubuhi, 11 chini ya sifuri. Jumanne usiku, 3 chini ya sifuri. Jumatano mchana kilikuwa kimepanda hadi nyuzi 7 juu ya sifuri. Chakula kama nyama na samaki kikikaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, ushauri wa usalama wa chakula ni kukitupa, hata kama hakijanuka. Namba hizo nne zinaeleza kuliko kurasa mbili za manung'uniko.

Kuna tego dogo katika kuandika muda. Sisi tunasema saa 7 usiku, lakini kumbukumbu za chumba cha kuongozea umeme zinaandikwa 01:00. Mwenye duka akiandika "saa 7" bila kutaja usiku wala mchana, msomaji anaweza kuitafuta 07:00 au 13:00, asikute katizo lolote, na barua ikaonekana ya uongo. Ni busara kuandika yote mawili: "saa 7 usiku (01:00)".

Mahali nako kutajwe sawasawa. Zamani mtu akisikia umeme umekatika alifikiria mgao, na mwishoni mwa 2023 mgao ulikuwepo kweli. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024, bwawa lenye mashine tisa na uwezo wa megawati 2,115, nchi ina umeme mwingi zaidi wa kuzalisha. Lakini umeme kuwepo bwawani hakuondoi transfoma iliyozidiwa na nyumba mpya, nguzo iliyooza au waya unaoguswa na mwembe. Mtaa mmoja unaokaa gizani wakati mtaa wa pili unawaka una tatizo la hapo hapo. Kwa hiyo barua itaje namba ya mita, namba iliyoandikwa kwenye nguzo au transfoma iliyo karibu, na namba ya taarifa aliyopewa mteja kila alipopiga simu. Asiyepiga simu ataambiwa kampuni haikujua.

Sasa pesa. Kwa hasira, mwenye duka angeandika "hasara zaidi ya milioni moja", akiweka na faida aliyotarajia. Afadhali ahesabu kwa bei ya kununulia, yenye risiti. Alikuwa na kuku 40 kwa shilingi 7,500 kila mmoja, yaani 300,000. Sato kilo 25 kwa 9,000, yaani 225,000. Mtindi pakiti 60 kwa 1,200, yaani 72,000. Jumla ni 597,000. Wale kuku 12 waliokuwa bado na barafu aliwauza siku hiyo hiyo kwa 5,000 kila mmoja, akapata 60,000. Anaziondoa. Dai linabaki 537,000, na hiyo 60,000 iliyoondolewa inampa heshima, kwani inaonyesha alijaribu kupunguza hasara.

Kabla ya kutupa, apige picha zinazoonyesha tarehe na amwite afisa afya wa kata ashuhudie na kuandika. Bidhaa zikishakwenda jalalani hakuna wa kuzihesabu.

Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Kiini chake kinaweza kusomeka hivi:

"Naomba fidia ya shilingi 537,000 kwa bidhaa zilizoharibika kati ya Jumatatu saa 4 usiku (22:00) na Jumatano saa 6 mchana (12:00), muda ambao umeme ulikatika mara tatu kwa jumla ya saa 30. Sikupata tangazo la matengenezo. Nilitoa taarifa kila mara; namba zake zimeambatishwa. Naomba pia transfoma inayohudumia mtaa wetu ikaguliwe, na nijibiwe kwa maandishi."

Ombi la ukaguzi lisidharauliwe. Fidia ya bidhaa zilizooza ni ngumu kuipata, hasa kampuni ikionyesha kwamba chanzo kilikuwa radi au mafuriko, au kwamba ilitangaza matengenezo mapema. Transfoma kubadilishwa ni jambo ambalo mteja anaweza kulipata hata pale dai la pesa linapokataliwa. Ikiwa friza nayo iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, hilo ni dai la pembeni, na linahitaji maandishi ya fundi yanayotaja kifaa kilichoungua na sababu yake.

Nakala mbili zipelekwe ofisini, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi dukani. Muhuri huo ndio utakaoulizwa jibu lisipokuja au lisiporidhisha, kwa sababu EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, humtaka mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma wake. Huko EWURA pande mbili husuluhishwa kwanza. Zisipoelewana, shauri husikilizwa na kuamuliwa, na asiyeridhika anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Daftari la kipimajoto, risiti, picha na maandishi ya afisa afya vitatakiwa katika kila hatua, kwa hiyo mwenye duka atoe vivuli na abaki na vile halisi.