Taa Nyekundu Mapokezi: Barua ya Kliniki kwa Kampuni ya Intaneti

Kliniki inayohakiki kadi za NHIF kwa mtandao husimama pale intaneti inapokatika, na foleni mapokezi hurefuka. Msimamizi hupiga simu huduma kwa wateja, naye huambiwa azime ruta kisha aiwashe. Mtandao hurudi, na baada ya saa mbili unakata tena. Barua zinazoandikwa baada ya hapo huwa na hasira nyingi na habari kidogo: "Huduma yenu ni mbovu, tunapata hasara." Fundi akisoma hivyo hajui aanzie wapi.

Tuchukue kliniki ya mfano yenye intaneti ya faiba, na barua ambayo msimamizi wake angeweza kuandika:

"Ndugu Meneja,

YAH: KUKATIKA KWA INTANETI MARA KWA MARA

Jumatatu saa 5:10 asubuhi mtandao ulikatika kwa dakika nne. Taa ya POWER iliendelea kuwaka. Taa ya PON ilizimika, na ya LOS ikawa inamweka nyekundu. Baadaye LOS ilizimika, PON ikamweka kidogo, kisha ikatulia kijani, mtandao ukarudi. Hatukugusa kifaa. Jumatano saa 9:40 alasiri ikawa vilevile. Siku zote mbili kulikuwa na upepo mkali. Umeme haukukatika. Tunaomba mpime nguvu ya mwanga hapa ndani na kwenye kisanduku cha nguzoni, na mwangalie kumbukumbu za mtambo wenu kwa saa hizo."

Barua ni fupi, lakini fundi ameshapata nusu ya kazi yake. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Taa ya PON ikiwaka bila kumweka, kifaa kimeshikana na mtambo wa kampuni. Ikimweka, bado kinajaribu kushikana. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, au unafika ukiwa hafifu mno. Kama PON ingekuwa imetulia na LOS imezimwa huku intaneti haipo, tatizo lingekuwa kwenye akaunti ya mteja au ndani ya mitambo ya kampuni. Taa zote zikizima, tazama umeme na adapta. Na taa zote zikiwa salama huku kompyuta moja tu ndiyo inasumbua, usimwandikie mtu barua. Sogeza kompyuta hiyo karibu na ruta kwanza.

Maneno yenye thamani kubwa katika barua ile ni "Hatukugusa kifaa." Vifaa vingi vya faiba, vinapokosa umeme, hutuma ujumbe wa mwisho kwa mtambo kabla ya kuzima. Kwa hiyo kumbukumbu za kampuni huweza kuonyesha tofauti kati ya kifaa kilichozimwa na waya uliopoteza mwanga. Mapokezi wakizima na kuwasha ruta kila mara, kumbukumbu hujaa matukio ya kuzimika, na mtu wa huduma kwa wateja ana haki ya kusema shida ni umeme wenu. Ule ushauri wa zima-washa, unaotolewa kwa kila tatizo, hapa unafuta ushahidi.

Fundi akija na kipimo chake, tuseme nguzoni anapata -19 dBm, na ndani ya kliniki -26 dBm. Kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo mwanga unavyopungua, na kila tatu zinazoongezeka hupunguza mwanga kwa nusu. Pengo la saba lina maana kwamba kliniki inapata takribani moja ya tano ya mwanga uliopo nguzoni, ilhali waya mfupi na mzima haupaswi kupoteza hata moja ya namba hizo. Vifaa vingi huanza kushindwa karibu na -27. Hivyo siku tulivu mtandao unaponea chupuchupu, na upepo ukitikisa waya uliokunjwa au kiungo kilicholegea, LOS inamweka. Dawa ni kusafisha au kubadilisha kiungo, au kuvuta waya mpya. Kubadilisha ruta hakutasaidia.

Kabla ya kutuma barua, weka namba ya akaunti na namba ya kifaa, pamoja na video fupi ya taa. Angalia tu isionyeshe kibandiko chenye nywila wala kompyuta iliyofunguliwa jina la mgonjwa. Usichomoe waya wa faiba ili uuchungulie: mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho, na vumbi la kidole kwenye ncha yake huongeza tatizo.

Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au namba ya lalamiko. Kwa Tanzania, mteja huanza kwa mtoa huduma. Asiporidhika ndipo hupeleka lalamiko TCRA, na nakala hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba alianza pale alipopaswa kuanza.