Dakika 10 za Kufungua Mkutano Uhispania

WordCamp ni mikutano ya watengeneza tovuti, inayoandaliwa na watu wa kujitolea katika miji kama Madrid na Sevilla. Asubuhi mratibu hupanda jukwaani, akawakaribisha watu kwa Kihispania cha kirafiki kisicho na itifaki nyingi, kisha akaingia kwenye shukrani.

Wafadhili hutangulia. Nembo zao ziko kwenye skrini nyuma yake, naye huzitaja moja baada ya nyingine, kwa kuwa akiruka jina, mwenyewe yumo ukumbini na atasikia. Fedha zao hazinunui nafasi ya kutoa mada. Kazi yake ni kupunguza bei ya tiketi. Ndiyo maana msemaji mzuri hueleza zilikokwenda: ukumbi, kahawa, chakula. Makofi ya hapo huwa ya kweli.

Ratiba ndiyo humponza mgeni. Wahispania hula chakula cha mchana kuanzia kama saa 8, hivyo asiyeambiwa mapema kwamba saa 5 kuna kahawa na vitafunwa atashinda akiangalia saa. Mratibu hutaja nyakati hizo mbili, ukumbi wa kila mada, vyoo na nenosiri la intaneti, basi. Akianza kusoma mada zote, anakula muda wa mtoa mada wa kwanza, na deni hilo husukumwa hadi kwa yule wa mwisho kabla ya mlo, anayezungumza na watu wenye njaa.