Kamba ya Mafundo 100: Hoja ya Kilimo Hifadhi Mbele ya Majirani

Siku ya wakulima shambani ni siku ambayo mkulima mwenyeji huwakaribisha majirani waone zao likiwa bado limesimama na wasikie namna lilivyolimwa. Hotuba ya siku hiyo huwa ngumu zaidi inapohusu kilimo hifadhi, kwa kuwa inawataka wasikilizaji waache mambo mawili waliyolelewa kuyahesabu kuwa ni bidii, yaani kutifua shamba zima kabla ya mvua na kulisafisha mpaka lisibaki bua. Katika wilaya ya Karatu, kaskazini mwa Tanzania, ambako mahindi hupandwa pamoja na mbaazi au fiwi na mashamba mengi yamezoea plau ya sahani inayovutwa na trekta, hoja hiyo haiwezi kusimama kwa maneno matupu, bali sharti isimamishwe na udongo wenyewe.

Msemaji anayeijua kazi yake huanza na maji, kwa sababu hasara ya maji ndiyo ambayo kila jirani ameiona bila kuipigia hesabu. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya ekari moja huleta lita 40,000 hivi, ambazo ni sawa na mapipa 200 ya lita 200 kila moja, na swali ni mapipa mangapi kati ya hayo yanaingia ardhini na mangapi yanateremka korongoni. Tone la mvua linapopiga udongo ulio wazi huvunja mabonge madogo, na vumbi laini linalotokana nayo huziba vinyweleo vya udongo na kukauka likawa utando mgumu. Mabua yaliyolala juu ya ardhi hulipokea tone hilo kabla halijaupiga udongo, hupunguza mwendo wa maji yanayotiririka na kupunguza unyevu unaopotea kwa jua, na mchwa na nyungunyungu wanaoyala huacha vijitundu ambavyo maji hupitia.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa kwa makopo mawili ya ukubwa mmoja yaliyokatwa vitako, ambayo hukandamizwa ardhini kiasi cha sentimita 5, moja kwenye shamba lililolimwa na jingine kwenye shamba lenye matandazo, kisha hutiwa maji kwa kipimo kimoja huku majirani wenyewe wakitazama saa. Jaribio hilo lifanywe mwishoni mwa msimu, kwani udongo uliotifuliwa jana hunywa maji haraka sana mpaka mvua chache za kwanza ziujengee utando, na anayelifanya mapema huishia kuwathibitishia watu kinyume cha alichokusudia.

Hoja ya pili iko chini zaidi. Plau inayopita kina kilekile mwaka hadi mwaka hushindilia udongo ulio chini yake na kufanya tabaka gumu, ambalo ni kama sakafu iliyofichika, na mzizi unaokutana nalo hujikunja na kwenda upande. Mhindi ukichimbuliwa kwa uangalifu katika shamba la aina hiyo huonekana una mizizi iliyolala, na jirani aliyeushika mkononi haulizi tena kwa nini mahindi yake hunyauka wiki mbili tu baada ya mvua kukatika. Dawa yake ni ripa, chombo chenye jino moja kinachokokotwa na ng'ombe au trekta, ambacho hupasua mstari wa kupandia peke yake na kuiacha nafasi iliyo kati ya mistari bila kuguswa. Asiye na ng'ombe anaweza kuchimba kwa jembe la mkono mashimo ya kupandia, kwa mfano yale yaliyoenezwa Zambia, yenye urefu wa sentimita 30, upana wa 15 na kina cha 20, yakiachana sentimita 70 ndani ya mstari na 90 kati ya mistari. Kwa vipimo hivyo, sehemu inayochimbwa ni kama asilimia 7 tu ya shamba, na mashimo yaleyale hutumika tena msimu unaofuata.

Kutotifua bila kufunika, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na nusu hiyo peke yake yaweza kuleta hasara. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature, uliojumlisha tafiti 610 kutoka nchi 63, ulionyesha kwamba kuacha kulima kwa wastani hupunguza mavuno, ila upungufu huo huwa mdogo mabaki yanapobaki shambani na mazao yanapobadilishwa, na katika maeneo makavu yanayotegemea mvua mbinu hizo tatu kwa pamoja huongeza mavuno. Kwa hiyo msemaji hana haki ya kuwaambia majirani waache plau bila kuwaambia, papo hapo, walinde mabua.

Uaminifu huohuo unamlazimu kutaja matatizo ya misimu ya kwanza, ambayo ndiyo huwarudisha wengi kwenye plau. Magugu huongezeka, kwa kuwa plau ilikuwa ikiyafukia, hivyo palizi la kina kifupi lisicheleweshwe na magugu yasiachwe yatoe mbegu, mpaka fiwi itambae na kufunika nafasi zilizo wazi. Mahindi machanga nayo huweza kugeuka manjano, kuanzia majani ya chini, kwa sababu mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anyana na mmea naitrojeni iliyomo udongoni. Samadi iliyooza vizuri, au mbolea ya naitrojeni, inayowekwa ndani ya mstari wa kupandia na kufunikwa hupunguza upungufu huo, ilhali urea inayorushwa juu ya mabua hupotea kwa kiasi kikubwa hewani.

Lililo gumu kuliko yote ni mifugo. Ekari inayotoa magunia 10 ya mahindi huacha mabua yenye uzito unaokaribia ule wa nafaka, yaani tani moja hivi, na kiangazi tani hiyo inagombewa na ng'ombe wa mwenye shamba, ng'ombe wa majirani na mchwa. Mkulima mmoja hawezi kulimaliza suala hilo, kwa kuwa desturi ya kulisha mifugo popote baada ya mavuno ni ya kijiji kizima. Ndiyo maana hotuba hii huwalenga majirani kwa pamoja, ili wakubaliane sehemu ya mabua itakayobaki na ile itakayokatwa kwa ajili ya malisho, na ikibidi halmashauri ya kijiji iwatungie sheria ndogo.

Kipimo cha makubaliano hayo ni kamba ya mita 10 iliyofungwa mafundo 100, moja kila sentimita 10. Kamba hutandazwa kwa mshazari kukatiza mistari, kisha huhesabiwa mafundo yaliyoangukia juu ya bua au jani, na kila fundo ni asilimia moja. Hesabu hurudiwa mahali kadhaa ili upatikane wastani, na chini ya mafundo 30 shamba halihesabiwi kuwa limefunikwa. Kwa kuwa siku ya wakulima huwa mahindi yangali yamesimama, kamba hiyo bado haina la kusema, kwani kifuniko kinachohesabika ni kile kitakachokuwa kimenusurika kiangazi hadi siku ya kupanda. Hotuba iliyotimia, basi, huwaalika majirani warudi shambani mvua zikikaribia, waishike kamba wenyewe na kuhesabu.